Milinganyo miwili ya pampu moja: ipi ya kuchukua?

*"Mwalimu, shikamoo. Nasomea diploma ya umeme hapa Kisumu, na mradi wangu ni wa kuwasha pampu ya kisima nyumbani Vihiga. Tangi liko juu ya mnara na lina floti mbili, ya juu (J) na ya chini (C). Kisimani kuna floti moja (K). Nimechora jedwali la ukweli na ramani ya Karnaugh, P ikiwa hali ya pampu sasa na N amri inayofuata. Mimi nilizungusha sifuri nikapata N = K·J'·(C' + P). Mwenzangu alizungusha moja akapata N = K·(C' + J'·P). Sote tuna herufi nne na mageti matano. Tumebishana mpaka usiku. Nani amekosea? Na mbona kwenye bredibodi taa ya pampu inawaka nikigusa tu waya wa C, na nikitoa kidole haizimi?"*

Marahaba. Kwenye ramani hakuna aliyekosea. Lakini mlichobishania usiku kucha si sura mbili za mlinganyo mmoja. Weka K=1, J=1, C=0, P=0 kwenye kila mmoja. Wako unatoa 0, pampu inakaa kimya. Wa mwenzako unatoa 1, pampu inanguruma. Mlinganyo mmoja hauwezi kujibu ndiyo na la kwa swali lilelile, kwa hiyo hii ni saketi mbili tofauti na lazima uchague. Mimi ningechukua yako. Sababu haiko kwenye hesabu ya mageti. Iko kwenye mistari miwili ya jedwali ambayo nina hakika mliijaza herufi X, yaani jibu lolote ni sawa, mkaendelea na safari.

Tulipange jedwali kwanza. K ikiwa 0 kisima hakina maji ya kutosha na pampu haipaswi kuzunguka kamwe, kwa hiyo mistari yote minane ya K=0 ina N=0 na sitaiandika. Inabaki minane ya K=1. J ni 1 maji yakifika floti ya juu, C ni 1 maji yakifika floti ya chini, P ni hali ya pampu sasa hivi, na N ni amri inayofuata.

```
K J C P | N
1 0 0 0 | 1
1 0 0 1 | 1
1 0 1 0 | 0
1 0 1 1 | 1
1 1 0 0 | X
1 1 0 1 | X
1 1 1 0 | 0
1 1 1 1 | 0
```

Tazama mstari wa tatu na wa nne. Maji yako katikati ya floti mbili kwenye mistari yote miwili: juu hayajafika, chini yamepita. Floti zinasema kitu kilekile kabisa, ila amri ni tofauti. Ikiwa tangi lilikuwa linajaa, tunataka liendelee kujaa. Ikiwa lilikuwa limejaa na watu nyumbani wanachota, tunataka pampu isubiri mpaka maji yashuke chini ya C. Hakuna geti linaloweza kutofautisha hali hizo mbili kwa kutazama floti peke yake. Ndiyo maana P imeingia. P si swichi ya nne. Ni waya wa kutoka mwishoni mwa saketi uliorudishwa mwanzoni. Wanafunzi wengi huishangaa, eti jibu litakuwaje swali? Lakini kumbukumbu ndogo kuliko zote hutengenezwa hivyo hivyo: geti linasikiliza lilichokisema lenyewe muda mfupi uliopita.

Ungeiacha P, ukatumia floti moja tu, pampu ingewaka kila maji yakishuka kidole kimoja na kuzima yakipanda kidole kimoja. Mota huvuta mkondo wa umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida kila inapoanza kuzunguka, kwa hiyo pampu ya namna hiyo huchosha kontakta na mota kabla ya wakati.

Sasa ramani. Nimetoa K nje kwa sababu iko kila mahali:

```
        CP=00  CP=01  CP=11  CP=10
J=0       1      1      1      0
J=1       X      X      0      0
```

Mwenzako alifuata kanuni ya darasani: zungusha moja kwa duara kubwa uwezavyo. Akachukua nguzo mbili za kushoto, moja mbili na X mbili, zikawa nne, zikampa C'. Moja iliyobaki aliiunganisha na jirani yake wa kushoto, akapata J'·P. Jumla C' + J'·P. Kazi safi. Ukimpa mtahini anayetaka moja zizungushwe, hilo ndilo jibu fupi zaidi.

Wewe ulizungusha sifuri. Mstari wote wa chini, X mbili na sifuri mbili, ukakupa J'. Nguzo ya mwisho, sifuri mbili, ikakupa C' + P. Ukazizidisha: J'·(C' + P). Nayo pia ni fupi kabisa kwa njia yake. Herufi tatu kwa herufi tatu.

Mmefundishwa, na ni kweli, kwamba kuzungusha sifuri na kuzungusha moja hutoa saketi ileile kwa maandishi tofauti. Hiyo ni kweli pale jedwali linapokuwa na sifuri na moja peke yake. Likishakuwa na X, kila anayezungusha anapiga kura bila kujua. Mwenzako alipoziingiza X kwenye duara la moja, aliamuru pampu iwake kwenye mistari ile. Wewe ulipoziingiza kwenye duara la sifuri, uliamuru izime. X ipo kwenye karatasi tu. Ukishachomeka waya, chipu haina X. Itatoa volti 0 au volti 5, na uamuzi huo umeufanya wewe kwa penseli.

Basi mistari hiyo miwili inasema nini? J=1 na C=0: maji yamefika floti ya juu lakini hayajafika floti ya chini. Kwa maji ya kawaida haiwezekani, na ndiyo sababu mkaandika X. Ila saketi haioni maji, inaona floti. Na floti huharibika.

Nilijifunza hili kwa gharama. Miaka mingi iliyopita nilimtengenezea jirani saketi ya tangi la lita 5,000, mlinganyo ukiwa ule wa mwenzako, kwa sababu nami nilifundishwa kwamba duara kubwa ndilo bora. Ilifanya kazi miezi kadhaa. Asubuhi moja akaniita. Maji yalikuwa yametiririka usiku kucha kutoka mdomo wa tangi, yamechimba mfereji chini ya mnara na kulaza sukumawiki zote za upande wa chini. Nilipopanda na tochi nikaona floti ya chini imejizungusha kwenye bomba la kutolea maji, waya wake umejikunja mara mbili, floti inaning'inia kichwa chini ingawa ilikuwa ndani ya maji kabisa. Kwake tangi lilikuwa tupu. Floti ya juu ilikuwa inaelea vizuri na inapiga kelele kwamba limejaa. J=1, C=0. Saketi yangu iliona X, na X yangu ilikuwa moja.

Weka hali hiyo kwenye milinganyo yenu. Kwa ule wa mwenzako, C'=1 peke yake inatosha: N = K·1. Floti ya juu haina sauti tena, pampu itazunguka mpaka kisima kikauke. Kwa wako, N = K·J'·1, yaani K·J'. Floti ya juu bado inazima. Tangi halimwagiki. Hasara yake ni kwamba sasa floti ya juu inafanya kazi zote mbili, kwa hiyo pampu itawaka kila maji yakishuka kidogo, dakika mbili mbili. Hiyo ni dalili unayoweza kuisikia ukiwa jikoni: ukisikia pampu imeanza kuwaka na kuzima mara kwa mara, panda ukaangalie floti ya chini. Mlinganyo mmoja unakuharibia shamba usingizini, mwingine unakupa kelele za kukuamsha.

Kama umewahi kufungua stata ya mota kwenye posho mill, utautambua mlinganyo wako mara moja. Kuna kitufe chekundu cha kuzima, kimefungwa mfululizo na koili ya kontakta. Kuna kitufe cha kijani cha kuwasha, na sambamba nacho kontakti ya kushikilia, ile inayofanya mota iendelee ukishatoa kidole. Chekundu ni J', kijani ni C', kontakti ya kushikilia ni P. Ukibonyeza vyote viwili pamoja, chekundu kinashinda, na mafundi huvifunga hivyo makusudi. Mwenzako ameihamisha kontakti: kitufe chake chekundu kinakata ile njia ya kushikilia tu, na kijani kina njia yake ya pembeni hadi kwenye koili. Hakuna fundi angekufungia stata hivyo. Claude Shannon alionyesha katika tasnifu yake ya mwaka 1937 kwamba rilei na aljebra ya Buli ni kitu kimoja, kwa hiyo si bahati kwamba ramani yako na ubao wa fundi wa posho mill vimekutana.

Sitaki umcheke mwenzako, maana kuna saketi ambapo yeye ndiye angekuwa sahihi. Pampu ya kuzimia moto, kwa mfano: hapo kuwaka kusikotakiwa ni heri kuliko kuzima kusikotakiwa, na ungetaka kijani kishinde. Uliza kila mara X ikitokea ni kipi kimeharibika, kisha uchague hasara unayoweza kuivumilia.

Tuje kwenye mchoro. Mageti yako matano yanakula chipu tatu: 74HC04 ya NOT, 74HC32 ya OR na 74HC08 ya AND, na mengi ya mageti yake yanabaki bila kazi. Kuna njia fupi zaidi. Chukua chipu moja tu, 74HC10, yenye mageti matatu ya NAND, kila moja na miguu mitatu ya kuingilia. Usiligeuze J ndani ya saketi. Ifunge floti ya juu ili ikupe J' moja kwa moja, nitaeleza vipi hapa chini. Kisha:

```
x  = NAND(C, P')      = C' + P
P' = NAND(x, K, J')
P  = NAND(P', P')
```

Chora hivi. Kushoto juu weka geti la kwanza. Mguu wake wa juu unapokea C kutoka kwenye floti. Miguu miwili iliyobaki imeunganishwa pamoja na inapokea P', waya unaorudi kutoka kulia. Kinachotoka ni x, kinaenda kulia hadi geti la pili katikati ya karatasi. Geti hilo la pili linapokea x juu, K katikati, J' chini, na kutoa P'. Hapo P' inagawanyika njia mbili. Moja inapanda na kurudi kushoto hadi geti la kwanza. Hiyo ndiyo kumbukumbu, ichore kwa mstari mnene ili mtahini aione. Nyingine inaendelea kulia hadi geti la tatu, ambalo miguu yake yote mitatu imefungwa pamoja, nalo linaigeuza kuwa P na kuipeleka kwa pampu.

Thibitisha kwa mkono kabla ya kuniamini. Geti la pili linasema P' ni kinyume cha x·K·J'. Geti la tatu linageuza tena, P = x·K·J'. Na x ni C' + P. Kwa hiyo P = K·J'·(C' + P), mlinganyo wako, na hakuna geti lililobaki. Kwenye 74HC10 geti la kwanza linaingia mguu wa 1, 2 na 13 na kutoka 12; la pili linaingia 3, 4, 5 na kutoka 6; la tatu linaingia 9, 10, 11 na kutoka 8. Mguu wa 7 ni ardhi, wa 14 ni volti 5. Huo mguu wa 13 kukaa mbali na wenzake ndio unaowakosesha wengi, kwa hiyo uangalie mara mbili. Na weka kapasita ya nanofaradi 100 kati ya mguu wa 14 na wa 7, karibu na chipu yenyewe.

Kidole chako sasa. Floti ni swichi tu. Ikifunga, inaunganisha waya wa C na kitu. Ikifungua, waya wa C hauunganishwi na chochote, na nadhani wewe ulitegemea kwamba "chochote" ni sifuri. Sivyo. Mlango wa kuingilia wa chipu za 74HC hauvuti mkondo wowote wa maana, kwa hiyo waya ulioachwa hewani unaelea kwenye volti yoyote. Mwili wako umejaa mnong'ono wa hezi 50 kutoka nyaya za stima za chumbani, na kidole kikigusa, C inapanda na kushuka mara 50 kwa sekunde. Mara moja tu ikisoma 0, geti la kwanza linatoa 1, P inapanda, na P ikishapanda inajishikilia. Ndiyo maana taa haizimi ukitoa kidole. Saketi haijaharibika, imeikumbuka kwa uaminifu amri ambayo hukukusudia kuitoa.

Dawa ni rezista ya kiloomu 10 kwenye kila floti, ya kuuvuta waya upande mmoja swichi ikiwa wazi. Upande upi? Usichague kwa kubahatisha, kwa sababu waya uliokatwa na panya au kulegea kwenye skrubu unafanana kabisa na swichi iliyo wazi. Kwa kila floti jiulize: waya huu ukikatika, nataka saketi idhani nini?

Floti ya juu: ukikatika, nataka pampu izime. Kwa hiyo tumia floti inayofunga wakati maji yako chini yake, iunganishe na volti 5, na rezista iuvute waya hadi ardhini. Maji yakiwa chini, waya una 1, nayo ndiyo J' bila geti la kugeuza. Maji yakifika, au waya ukikatika, ni 0 na pampu inazima. Floti ya kisima inafungwa vivyo hivyo: inafunga kukiwa na maji, kwenda volti 5, rezista ardhini. Floti ya chini ni kinyume, kwa sababu mchoro wetu unataka C yenyewe. Iunganishe ardhini, ifunge wakati tangi limekauka, na rezista iuvute waya juu hadi volti 5. Waya ukikatika C inasoma 1, pampu haiwaki kabisa, na nyumbani watagundua bomba limekauka kabla ya kitu kuharibika. Floti nyingi za waya zinazouzwa madukani zina nyaya tatu ndani, wa pamoja na mbili zinazopokezana, kwa hiyo kuchagua upande wa kufunga ni suala la waya upi umeuacha. Pima kwa mita ukiinua na kushusha floti kwa mkono. Rangi za nyaya zisikudanganye.

Jaribu mezani kwa mpangilio huu, taa ndogo ikiwa mahali pa pampu, na floti ukizishusha na kuziinua kwa mkono. K ikiwa na maji na floti zote mbili za tangi zikiwa chini, taa iwake. Inua ya chini: ibaki inawaka. Inua ya juu: izime. Shusha ya juu: ibaki imezima, na hapa ndipo saketi isiyo na kumbukumbu huumbuka. Shusha ya chini: iwake tena. Sasa inua ya juu huku ya chini ukiiacha imening'inia, ile hali ya X. Taa lazima izime. Mwisho, chomoa waya mmoja mmoja ukiangalia kama saketi inaanguka upande uliouchagua.

Kuna mambo ambayo mlinganyo wako hauyatibu. Floti ya juu yenyewe ikikwama chini, J' inabaki 1 milele, na milinganyo yote miwili itamwaga maji. Hapo aljebra haisaidii. Unahitaji floti ya pili ya juu kabisa, isiyopita kwenye chipu, iliyofungwa mfululizo na koili ya kontakta, au angalau bomba la kumwagia linaloelekea mahali pasipo na msingi wa mnara. Na kisima chako kikiwa kinajaa polepole, K itazima pampu, maji yatapanda kidogo, na ikiwa tangi bado ni tupu, pampu itawaka tena papo hapo. Iachie floti ya kisima urefu wa kutosha wa waya unaoning'inia ili ipinduke kwa tofauti kubwa ya kina, si kwa sentimita chache.

Stima ikikatika na kurudi, P inaweza kuamka ikiwa 0 au 1. Maji yakiwa katikati, pampu itawaka au itasubiri, na vyote viwili ni halali kwenye jedwali. Usiongeze mageti kwa ajili hiyo.

Kutoka meza kwenda mnarani ni safari nyingine. Geti la 74HC hutoa miliampea chache tu, na koili ya rilei ndogo ya volti 5 huvuta kama 70. Weka transista ya BC547, rezista ya kiloomu 1 kwenye besi yake, na diodi ya 1N4007 sambamba na koili, upande wenye mstari ukitazama volti 5. Rilei hiyo iwashe koili ya kontakta, na kontakta ndiyo iwashe pampu. Usiifunge pampu moja kwa moja kwenye rilei ndogo hata kama maandishi yake yanadai ampea 10. Mkondo wa kuanzia wa mota utazichomelea kontakti zake zishikane, na hapo N inaweza kuwa sifuri na pampu ikaendelea kuzunguka. Nyaya za floti za mita nyingi zikipita kando ya waya wa pampu zitabeba mitikisiko ya kontakta, na J' ikidondoka hata kwa nukta moja pampu itazima tangi likiwa nusu. Ukiona hivyo zitenganishe nyaya kwanza. Isipotosha, weka kapasita ya mikrofaradi 1 kwenye kila mlango na uupitishe kwenye mageti mawili ya 74HC14 yaliyofuatana, kwa sababu kapasita peke yake hufanya volti ipande polepole na chipu za kawaida hazipendi hivyo.

Upande wa volti 240 usiuguse peke yako. Kisima, maji na waya wa umeme vikikutana havikupi nafasi ya kujaribu tena. Tafuta fundi mwenye leseni ya EPRA afunge kontakta, kinga ya mota ya kuzidiwa, kinga ya kuvuja kwa umeme na waya wa ardhi, nawe umkabidhi nyaya mbili tu za kontakti ya rilei yako. Ukifika naye, usisahau kupanda mnarani na kuifunga floti ya chini kwenye fimbo yake, mbali na bomba la kutolea maji, kwa waya usiozidi urefu unaotakiwa kupinduka.